Kabla ya Kumshuku Mpishi, Pima Upawa

Mwenye hoteli ya chakula akiona wateja wamejaa na pesa hazionekani, shaka huanza jikoni. Mpishi hutazamwa mkoba akitoka jioni, weita huhesabiwa chenji mara mbili, na mwisho wa yote mmoja wao hufukuzwa. Baada ya mwezi mpishi mpya yuko jikoni, na pesa bado hazionekani.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini wengi wetu tuna daftari na mali bado inapotea, kwa sababu daftari lenyewe linaandika nusu ya habari. Linaandika tulichonunua na tulichouza. Halisemi chakula tulichouza kilipaswa kula nyama kiasi gani, na nyama iliyoondoka jikoni ni kiasi gani. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na pengo lililo kati yake ndilo linaloonyesha hasara ilipo.

Nilisomea kazi ya hoteli kwa ngazi ya diploma na nimekaa miaka kadhaa nikishika funguo za stoo, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa mikono. Lakini mfano nitakaoutoa leo hautoki kwenye hoteli kubwa za ufuoni mwetu. Unatoka Manyatta, Kisumu, kwenye hoteli ndogo ya shemeji yangu, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huko. Anauza chai na chapati asubuhi, na mchana ugali, nyama, pilau na mbuta wa kukaanga. Ana wafanyakazi saba. Nilipokwenda kuwatembelea alinipokea kwa malalamiko: “Shemeji, nyama hii yaenda wapi? Kila siku nanunua, kila siku yaisha, na faida siioni.” Alikuwa ameshaamua kwamba mpishi wake wa nyama ataondoka mwisho wa mwezi. Nilimwomba wiki moja ya hesabu kabla ya kumwambia mtu neno.

Hesabu ya kwanza: kilichoondoka kweli

Hesabu ya kwanza naiita matumizi halisi. Unachukua akiba uliyoanza nayo, unaongeza ulichonunua, unatoa kilichobaki. Jibu ndilo lililoondoka, liwe limeliwa, limetupwa au limebebwa.

Ni hesabu ya mtoto wa shule, lakini huharibika kwa mambo madogo. La kwanza ni saa ya kuhesabu. Tulihesabu Jumatatu alfajiri kabla jiko halijawashwa, na tukahesabu tena Jumamosi usiku baada ya sahani ya mwisho. Ukihesabu mara moja asubuhi na mara nyingine mchana, sufuria iliyo motoni itakuwa haimo stoo wala haimo kwenye mauzo, na hesabu yote itapinda.

La pili ni kipimo. Sokoni Kibuye unga na mchele huuzwa kwa gorogoro, sukuma wiki kwa fungu, na mafuta kwa kibuyu. Hivyo ni vipimo vya ujazo au vya macho, na gorogoro ya muuzaji mmoja hujazwa kwa kilemba na ya mwingine hupigwa mswaki juu. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na pishi na vibaba vyake vinne, kwa hiyo tunajua kwamba kibaba cha mchele na kibaba cha unga havina uzito mmoja. Jikoni kila kitu kigeuzwe kuwa kilo. Shemeji alinunua mzani mdogo wa kidijitali, na tangu siku hiyo kila kilichoingia mlangoni kilipimwa kabla ya kulipwa, ikiwemo nyama ya bucha. Mzani wa bucha ulikubaliana na wetu, kwa hiyo upande huo tuliuondoa kwenye shaka mapema.

La tatu ni kuchagua vitu vya kuhesabu. Hatukuhesabu kila kitu. Chumvi, nyanya na sukuma wiki tuliviacha, kwa sababu kazi ya kuvipima ni kubwa kuliko pesa iliyomo ndani yake. Tulichukua vitu vinavyokula pesa nyingi: nyama, samaki na unga wa ugali. Hapa nitafuata nyama hatua kwa hatua, na unga utakuja kutusaidia baadaye.

Jumatatu alfajiri friza lilikuwa na kilo 6.5 za steki. Wiki hiyo ziliingia kilo 74. Jumamosi usiku zilibaki kilo 4.3. Kwa hiyo nyama iliyoondoka ni 6.5 kujumlisha 74 kutoa 4.3, yaani kilo 76.2.

Hesabu ya pili: kilichopaswa kuondoka

Hesabu ya pili ni matumizi ya kwenye karatasi. Inauliza hivi: kama kila sahani ingetoka na kipimo chake kamili, bila kuzidi wala kupungua, mauzo haya yangekula nyama kiasi gani?

Ili kuijibu lazima kipimo cha sahani kiwepo. Hapo ndipo hoteli nyingi hukwama. Nilipomuuliza shemeji sahani ya nyama ina gramu ngapi alicheka, akaonyesha upawa. Tukakaa chini tukapanga. Yeye hununua steki kwa shilingi 600 kilo na huuza sahani ya nyama kwa shilingi 180, ugali ukilipiwa kando. Kwa bei hiyo alitaka nyama mbichi, iliyokwisha kusafishwa, iwe gramu 150 kwa sahani, maana hiyo inamgharimu shilingi 90 na inamwachia nyingine 90 za viungo, mkaa, mishahara, kodi na faida. Sahani ya pilau aliipangia gramu 60 za nyama. Vipimo hivyo tukaviandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani.

Kisha tukahesabu mauzo. Kila weita alikuwa na kijitabu cha kuandikia oda, na kaunta ilikuwa na kingine. Wiki hiyo ziliuzwa sahani 312 za nyama na 265 za pilau. Sahani 312 mara gramu 150 ni kilo 46.8. Sahani 265 mara gramu 60 ni kilo 15.9. Jumla ni kilo 62.7.

Karatasi inasema kilo 62.7 na friza linasema kilo 76.2. Pengo ni kilo 13.5, na kwa shilingi 600 kila kilo, hizo ni shilingi 8,100 kwa wiki moja.

Shemeji alipoiona namba hiyo alisimama. “Si nilikwambia?” akasema. Yeyote angesema hivyo. Lakini pengo ni jumla ya mambo mengi yaliyorundikana pamoja, na kabla ya kulipa jina la wizi inabidi kila jambo litolewe peke yake na kupimwa.

Kulichambua pengo

Tulianza na jambo lisilo na ubaya wowote, chakula cha wafanyakazi. Watu saba walikula nyama siku tatu za wiki, kipimo kilekile cha mteja. Hizo ni sahani 21, na mara gramu 150 zinafika kilo 3.15. Hakuna aliyeiba hapo. Ni haki yao na shemeji mwenyewe ndiye aliyewapa. Kosa ni kwamba hazikuandikwa popote, kwa hiyo kwenye karatasi zilionekana kama nyama iliyopotea. Dawa yake ni safu moja kwenye daftari la kila siku: sahani za wafanyakazi.

Pili ni kinachokatwa na kutupwa. Kipimo cha gramu 150 ni cha nyama safi, lakini bucha haiuzi nyama safi. Kuna mafuta, utando na mishipa. Tuliweka ndoo kando ya ubao wa kukatia, na kwa siku mbili kila kilichokatwa kikaingia humo badala ya kutupwa. Katika kilo 25 zilizokatwa, ndoo ilikuwa na kilo 1.25, ambayo ni asilimia 5. Kwa kilo 76.2 za wiki nzima, hiyo ni kilo 3.8.

Kutoka kilo 13.5 tukitoa 3.15 za wafanyakazi na 3.8 za ndoo, zinabaki kilo 6.55. Hizo ndizo zilizokuwa bado zinamsubiri mpishi, na ndizo ambazo mtu angeweza kufukuzwa kwa ajili yake.

Hapa watu wengi huona kwamba uchunguzi umefika mwisho, na mimi nasema ndipo unapoanza. Tulikuwa bado hatujapima sahani yenyewe.

Kupima sahani

Nyama iliyopikwa hupungua uzito kwa sababu maji na mafuta huitoka na kuingia kwenye mchuzi. Kwa hiyo huwezi kupima nyama iliyoiva na kuilinganisha na gramu 150 za nyama mbichi. Kwanza ni lazima ujue inapungua kiasi gani katika sufuria yako, kwa moto wako. Tulipima kilo 3 za nyama mbichi iliyokatwa, tukaipika kama siku zote, tukaitoa kwenye mchuzi na kuichuja, tukapima tena. Zilitoka kilo 2. Kwa hiyo gramu 150 mbichi kwenye jiko lile huwa gramu 100 zikiiva, na sahani sahihi ni ile yenye gramu 100 za nyama bila mchuzi.

Siku ya pili, saa saba mchana hoteli ikiwa imejaa, tulisimamisha sahani kumi njiani kabla hazijafika mezani. Saa ya msongamano ndiyo saa ya kupima. Ukipima asubuhi na mapema wakati mpishi hana haraka na anajua unamtazama, kila sahani itakuwa sawa na utakuwa umepima adabu yake tu. Tulitoa nyama, tukaichuja, tukaipima, tukairudisha.

Sahani ndogo kuliko zote ilikuwa na gramu 88 na kubwa kuliko zote gramu 141. Wastani wa zote kumi ulikuwa gramu 113. Maana yake kila sahani ilikuwa ikitoka na asilimia 13 zaidi ya kipimo. Ukirudisha kwenye nyama mbichi, hiyo ni gramu 19.5 za ziada kwa sahani, na kwa sahani 312 ni kilo 6.1 kwa wiki.

Tulikuwa tunatafuta kilo 6.55. Upawa peke yake umekula 6.1. Inayobaki haifiki nusu kilo, na hiyo ni makosa ya mzani na matone ya hapa na pale. Hapakuwa na nafasi ya mwizi katika nyama ile.

Mpishi alipoelezwa alijibu jibu ambalo shemeji alilikumbuka siku nyingi: “Mama, mimi nachota na upawa uleule ulionipa.” Alikuwa na haki. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia gramu 150. Alipewa chombo cha mchuzi apimie nyama, na chombo hicho hakiwezi kazi hiyo. Upawa hupima ujazo. Ukiingia katikati ya sufuria asubuhi hutoka na nyama tele, na ukikwaruza chini jioni hutoka na mchuzi na vipande viwili. Vipande vyenyewe vilikuwa vimekatwa kwa macho, vingine mara mbili ya vingine. Ndiyo maana pengo kati ya sahani na sahani lilikuwa kubwa kiasi kile.

Na hebu tazama nani aliyekuwa akiumia. Mwenye hoteli alipoteza karibu shilingi 12 kwa kila sahani, ambazo kwa wiki ni shilingi 3,650 na kwa wiki nne ni 14,600. Kodi ya mahali pale ni shilingi 15,000. Lakini mteja wa jioni, fundi wa bodaboda anayekuja baada ya kazi, alilipa shilingi 180 zilezile akapata mchuzi na vipande viwili. Ukarimu wa upawa wa mchana ulilipwa naye.

Je, sahani zisizoandikwa?

Kuna swali ambalo msomaji mwenye hoteli lazima ameshajiuliza. Vipi kama weita aliuza sahani, akatia pesa mfukoni na hakuandika? Nyama ingeondoka, mauzo yasingeonekana, na pengo lingetokea vilevile. Ni kweli, na ndiyo sababu tulipima unga wa ugali pamoja na nyama.

Sahani haitoki jikoni na kitu kimoja. Anayekula nyama kwa kawaida anakula na ugali. Ikiwa sahani nzima inauzwa bila kuandikwa, basi nyama na unga vitapungua pamoja. Kilo 6.55 za nyama ni kama sahani 44. Hata kama nusu tu ya walaji hao walichukua ugali, kwa gramu 200 za unga kila mmoja, unga ungekuwa na pengo la zaidi ya kilo 4.

Tukaangalia. Ziliuzwa sahani 408 za ugali, ambazo ni kilo 81.6 za unga. Wafanyakazi walikula ugali siku zote sita, sahani 42, kilo 8.4. Jumla ni kilo 90. Unga ulioondoka kweli ulikuwa kilo 91. Pengo ni kilo moja. Kwa hiyo oda zilikuwa zinaandikwa, na tatizo lilikuwa la nyama peke yake.

Huu ndio msingi wa kusoma pengo. Vitu vyote vya sahani moja vikipungua kwa pamoja, tazama kaunta na vijitabu vya oda. Kitu kimoja tu kikipungua, na kinapitia mkononi mwa anayepakua, tazama kipimo na ukataji. Kikipungua kitu ambacho hubebeka kikiwa kibichi na kila nyumba inakihitaji, kama sukari, mafuta ya kupikia au majani ya chai, na vipimo vya kupakua viko sawa, hapo ndipo mlango wa nyuma unapopaswa kutazamwa. Na ukiona kinyume chake, kwamba kilichoondoka ni kidogo kuliko karatasi inavyotaka, usifurahi. Ama wateja wanapunjwa, ama kuna manunuzi yaliyoingia bila kuandikwa, ama umehesabu vibaya.

Samaki ana hesabu yake

Nisingetenda haki kuzungumzia Kisumu bila samaki, na samaki ndiye anayewakosesha wengi hesabu. Mbuta, anayeitwa sangara upande wa Tanzania, hununuliwa mzima. Lakini mteja hali kichwa, magamba na matumbo. Ukitaka kuona kwa macho ni kiasi gani hubaki baada ya mnofu kutoka, nenda Obunga, mtaa mwingine wa Kisumu. Viwanda vya samaki huchukua minofu ya mbuta kuipeleka nje ya nchi, na mifupa iliyobaki na vichwa vyake, iitwayo mgongo wazi, hukaangwa na kuuzwa huko. Biashara nzima ya akina mama imesimama juu ya kile ambacho mnunuzi wa minofu hakukichukua.

Shemeji alikuwa akihesabu mbuta kwa bei ya ufuoni: shilingi 450 kilo. Tulichukua kilo 10 za samaki wazima, wakaparuliwa, wakatolewa matumbo na vichwa, wakakatwa vipande kama anavyouza. Vipande vilikuwa kilo 6.4. Gawanya shilingi 4,500 kwa 6.4, utapata shilingi 703. Hiyo ndiyo bei ya kilo moja inayoingia kwenye karai la mafuta. Kipande cha gramu 200 ambacho yeye alidhani kinamgharimu 90 kilikuwa kinamgharimu 140, na hapo mafuta hayajahesabiwa.

Kwa samaki, basi, karatasi inayosema sahani moja ni gramu 200 haitoshi. Iandikwe kwamba gramu 200 za kipande zinatokana na gramu 313 za samaki mzima. Bila hivyo kila wiki utaona pengo kubwa na utamshuku anayeparua, kumbe kinachokosekana ni kichwa. Jaribio hili lirudiwe kila ukubwa wa samaki unapobadilika au unapobadilisha muuzaji, maana samaki mdogo na mkubwa hawaachi kiasi kimoja cha mnofu. Na vile vichwa visitupwe. Shemeji alikuwa akimpa bure mama mmoja jirani, na sasa anavipika supu asubuhi.

Kilichobadilishwa

Dawa ya nyama haikuhitaji mashine. Nyama sasa hukatwa mara moja, asubuhi, na mtu mmoja, vipande vya gramu 50. Vipande vichache vya mwanzo hupimwa mpaka mkono uzoee, kisha kimoja katika kila ishirini hupimwa kuhakikisha. Sahani moja ni vipande vitatu. Anayepakua huvihesabu kwa koleo, halafu hutia mchuzi kwa upawa kwa mkono mkunjufu, kwa sababu mchuzi ni wa bei nafuu na ndio unaoijaza sahani machoni. Nyama ya akiba hufungwa katika mifuko ya kilo 3, yaani sahani 20, na kila mfuko unaotoka kwenye friza huandikwa. Ukitoka mfuko wa tano na sahani zilizouzwa ni 70, mtu ataliona jambo hilo siku ileile bila kungoja mwisho wa mwezi.

Baadhi ya wateja wa mchana waliuliza mbona nyama imepungua. Ni kweli kwao ilipungua. Waliambiwa ukweli, kwamba kila mtu anapata vipande vitatu, saa saba mchana na saa mbili usiku. Hapa naonya: kipimo si leseni ya kumpunja mteja. Ukiona gramu 150 hazilipi, pandisha bei waziwazi au badilisha chakula, usipunguze kipande kimyakimya.

Wiki ya pili baada ya mabadiliko tulirudia hesabu yote. Ziliuzwa sahani 298 za nyama na 271 za pilau, wafanyakazi wakala 21. Hizo ni kilo 64.1 za nyama safi, na ukiongeza ile asilimia 5 ya ndoo inakuwa kilo 67.5. Friza lilisema kilo 69. Pengo likawa kilo moja na nusu, kama asilimia 2. Mimi huliacha pengo la kiasi hicho lipite kwa nyama. Jiko la watu haliwezi kufika sifuri, na anayekuletea sifuri kila wiki mchunguze vizuri, huenda anaandika jibu kabla ya kupima.

Njia hii ina mipaka yake. Hesabu ya siku moja haina maana, kwa sababu kosa dogo la kuhesabu friza huonekana kubwa. Wiki ndiyo muda mfupi wa kuaminika. Sahani kumi pia ni kipimo kidogo, na ndiyo sababu tulirudia wiki nyingine badala ya kuamini siku moja. Haisaidii chochote kama oda haziandikwi, kwani nusu ya hesabu itakuwa ni kubahatisha. Na hata ikifanywa vizuri, karatasi huonyesha mahali, haimtaji mtu. Itakuambia nyama inapotea kati ya sufuria na sahani. Ukifika hapo, chukua mzani uende ukasimame kati ya sufuria na sahani, saa saba mchana, kabla hujamwita mtu ofisini.

Mpishi yule bado yuko Manyatta, na siku hizi koleo liko mkononi mwake na upawa umebaki na kazi yake ya mchuzi.